Mrejesho: slaidi za kuombea ruzuku, ushirika wa matunda makavu

Swali langu lilikuwa: "Ushirika wetu wa akina mama unauza maembe makavu. Slaidi za kuombea ruzuku zipangweje, na kila moja ibebe nini?"

Asanteni wadau. Zimebaki saba: ombi lenyewe kwa sentensi moja, tatizo, bidhaa, hesabu ya kilo, wanunuzi, bajeti, na usimamizi baada ya ruzuku kuisha.

Kasoro kubwa ilikuwa slaidi ya nne. Tuliandika kilo 5 za embe hutoa kilo 1 kavu, kumbe hiyo ni nyama tupu. Hesabu sahihi huanzia kwenye embe zima: kilo 100 zikiondolewa maganda na kokwa hubaki takriban 60. Nyama hiyo ikiwa na maji asilimia 83, yabisi ni kilo 10.2. Ukikausha hadi unyevu wa asilimia 15, unagawa 10.2 kwa 0.85, unapata kilo 12. Yaani zaidi ya kilo 8 kwa 1, na gharama ya malighafi hupanda vivyo hivyo. Aina ya embe ikibadilika, pimeni upya.

Bajeti sasa inafuata hapo hapo. Kikaushio chetu kinabeba kilo 30 za vipande kwa siku mbili, kwa hiyo kilo 60 ni siku nne, na embe bivu halisubiri. Ndiyo maana tunaomba kikaushio cha pili kabla ya mashine ya kufungia pakiti. Picha za vikao tumezitoa zote.