Simu juu ya karatasi, ubao mweupe au tableti ya kuchorea: nirekodi masomo ya marudio kwa kipi?

Mwalimu_Umoja
Wadau, habari za jioni. Nataka kurekodi masomo ya marudio kwa watahiniwa wa KCSE. Nina elfu kumi na tano. Leo nimezunguka Luthuli Avenue nikarudi mikono mitupu, maana kila duka linasifu chake. Nimebaki na njia tatu: stendi ya kushikilia simu juu ya karatasi, ubao mweupe wa ukutani, au tableti ya kuchorea. Nanunua Jumamosi. Nisaidieni.

Chaki_Nyeupe
Somo lipi, mwalimu? Kompyuta unayo? Na hao wanafunzi watatazama kwenye nini? Anayefundisha ushairi na anayechora saketi hawanunui kitu kimoja.

Baba_Tasha
Tableti, usipoteze wakati. Unachora, OBS inarekodi skrini, kazi imekwisha. Hakuna kivuli cha mkono, hakuna mwanga wa taa.

Mama_Neema
Samahani kuingilia. Hiyo tableti ya kuchorea inashika WhatsApp? Wangu yuko Kidato cha Pili, ananisumbua nimnunulie.

Baba_Tasha
Hapana mama. Hiyo ni kibao tu cha kuchomeka kwenye kompyuta, peke yake haifanyi lolote.

Mwalimu_Umoja
Pole, nilisahau. Fizikia. Naanza na lenzi. Laptopu ninayo, nzee lakini inafanya kazi. Wengi watatazama kwa simu ya mzazi, usiku, kwa bando la kubahatisha.

Mhimili
Kama ni lenzi, ngoja nikueleze yaliyonipata, maana ubao mweupe ulinitia aibu.

Likizo ya Agosti niliomba darasa tupu nikarekodi masomo kumi na moja ubaoni. Dirisha lilikuwa kulia kwangu, na mwanga wake ukawa doa jeupe katikati ya ubao, mahali pale pale pa mchoro. Nikafanya ujanja: nikasogeza simu kando kushoto, doa likapotea. Nikajiona bingwa. Swali lilikuwa lile la kawaida: lenzi mbinuko yenye urefu wa fokasi sentimita 20, kitu kimewekwa sentimita 30 kutoka kwenye lenzi, taswira iko wapi? Jibu ni 60.

Wiki mbili baadaye msichana mmoja ananiandikia: "Mwalimu, mbona mimi napata 51?" Nikadhani amekosea hesabu. Kumbe hakupiga hesabu hata kidogo. Alisimamisha video, akaweka rula juu ya skrini, akapima. Na alipima sawasawa! Kwa kuwa simu ilikuwa upande, nusu ya ubao iliyokuwa mbali ilionekana fupi kuliko iliyo karibu, na taswira ilikuwa upande huo wa mbali. Mchoro wangu ulikuwa sahihi ubaoni na mwongo kwenye video. Nilifuta masomo manne yenye michoro ya vipimo.

Tangu hapo ni karatasi, simu ikitazama chini wima kabisa. Kabla ya kurekodi, chora mraba wa sentimita 10, upige picha, kisha upime pande zake kwenye skrini. Zikitofautiana, simu imeinama.

Chaki_Nyeupe
Mhimili kasema kweli. Mimi naongeza jambo la ukubwa, linalowashinda wengi. Usirekodi karatasi nzima ya A4. Chora fremu ya sentimita 20 kwa 11 kwa penseli hafifu, ushushe simu mpaka fremu ijaze skrini. Simu ya mzazi ina upana wa kama sentimita 14 ikilazwa, kwa hiyo herufi yako ya milimita 8 itamfikia mtoto ikiwa na kama 5 na nusu. Ukiandika kwa mwandiko wa daftari, hasomi kitu.

Sasa lenzi ya Mhimili ndani ya fremu hiyo. Sentimita 1 iwakilishe 5. Fokasi inakaa sentimita 4 kutoka kwenye lenzi, kitu sentimita 6, kimo chake 2. Mwale wa kwanza unatoka kwenye ncha ya kitu sambamba na mhimili, unapinda kwenye lenzi na kupita fokasi ya ng'ambo. Wa pili unapita katikati ya lenzi bila kupinda. Inakutana sentimita 12 ng'ambo, sentimita 4 chini ya mhimili: yaani 60, taswira imepinduka na imekuzwa mara 2. Jumla ni 6 na 12, sentimita 18, inaenea. Ndipo unaandika hesabu chini yake, mtoto aone mchoro na fomula vimeleta jibu moja:

```
1/v = 1/f - 1/u
    = 1/20 - 1/30
    = 1/60
v   = 60 cm
```

Piga hesabu hiyo kabla ya kuwasha kamera. Ukiamua hapo hapo kukiweka kitu kwenye 25, taswira inaruka hadi 100, sentimita 20 kwenye karatasi, nje ya fremu. Na usisahau mishale kwenye miale. Mwanafunzi huiga unachofanya, na mwale usio na mshale ni mstari tu.

Baba_Tasha
Haya yote tableti inayamaliza! Mstari ulionyooka wenyewe, miraba nyuma, ukikosea unafuta.

Chaki_Nyeupe
Kufuta nakubali, hapo umenishinda. Kwenye karatasi nikikosea narudia kipande kizima, ndiyo maana narekodi swali moja kwa vipande vitatu. Lakini mtoto atachora kwa rula na penseli. Anahitaji kuona rula inavyowekwa.

Kijana_Pipeline
Video za Kihindi ziko tele bure, mnajisumbua nini? Ingawa zina makosa, wanaandika u ni hasi 30.

Mhimili
Si makosa. Wao wanapima kutoka kwenye lenzi, upande wa kitu unakuwa hasi, na fomula yao ni `1/v - 1/u = 1/f`. Weka hasi 30 utapata 60 vilevile. Sisi tunafundisha kwamba kilicho halisi ni chanya. Balaa ni mtoto anayechukua hasi yao akaitia kwenye fomula yetu: anapata 12, na hajui kosa limeingilia wapi. Sababu nyingine ya mwalimu kurekodi zake.

Kijana_Pipeline
Sawa. Lakini KCSE yenyewe ya mwisho si 2027? Elfu kumi na tano kwa miaka michache tu?

Mama_Neema
Huyo wa Kidato cha Pili hajafika 2027 jamani, msimzike.

Chaki_Nyeupe
Lenzi haijui mtaala. Atabadilisha kichwa cha video.

Mwalimu_Umoja
Asanteni. Nimejaribu sasa hivi kwa vitabu viwili na rula kama stendi. Kuna mistari myeusi inatembea juu ya karatasi, sijui ni simu.

Mhimili
Ni balbu. Umeme wetu wa hezi 50 hufanya balbu nyingine zipepese mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, kamera inaona. Kama simu inakuruhusu kupanga kamera mwenyewe, weka kasi ya shata 1/50 au 1/100. La sivyo rekodi mchana karibu na dirisha.

Mwalimu_Umoja
Mchana hapa kuna makanga na kanisa la jirani.

Baba_Tasha
Tableti usiku, na kipaza sauti cha kubana kwenye shati. Nimesema.

Mwalimu_Umoja
Fundi wa Kamukunji anasema atanichomelea stendi kwa mia nane. Ikishindikana nitabaki na hela ya tableti. Balbu aina gani haipepesi?