Kozi ya walimu wa vijijini, jaribio la dakika 30 mtandaoni. Nani kawaroga hawa waandaaji?

Ticha_Kichuguu
Wakuu, nina hasira na nitaandika yote. Nafundisha shule ya msingi huku Liwale ndani ndani. Mtandao unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya choo cha wavulana, na hapo napo ukigeuka vibaya umeukosa. Tukaambiwa kuna kozi fupi ya wiki 4 ya kufundisha kusoma darasa la kwanza, "imeandaliwa mahsusi kwa maeneo yenye mtandao hafifu, vifaa vyote vinapakuliwa". Nikafurahi.

Hivyo vifaa sasa! Faili moja la zipu, MB 380. Nimejiunga bando la GB 1, nikasimama pale na jua langu, likafika asilimia 82, likakata. Kubonyeza tena, linaanza sifuri. Mara ya pili likakata, la tatu nikalipata na bando likaisha. Kufungua, nakuta video 6 za jamaa anayesoma maandishi yaleyale yaliyo kwenye PDF. Neno kwa neno!

Hayo nikameza. Likaja jaribio: maswali 20, dakika 30, lazima uwe hewani. Nimejibu yote 20 nikiwa nimesimama kwenye kichuguu. Nabonyeza kumaliza, kiduara kinazunguka tu. Baada ya saa nzima mtandao unarudi, nakuta 4 kati ya 20. Mimi! Nina miaka 14 nafundisha darasa la kwanza. Wamenipima kusoma au wamepima mnara?

Kapuku wa Bando
Pole ticha, ila kosa ni lako pia. Huo mfumo wa kozi mtandaoni ni Moodle, si ndiyo? Ina apu ya simu. Unapakua kozi, unafanya jaribio bila mtandao, ukifika mjini inatuma yenyewe. Mimi nimefanya hivyo Songea.

Ticha_Kichuguu
Apu ninayo. Masomo yalifunguka, jaribio likagoma. Lilitaka mtandao.

Fundi_Seva
Kapuku yuko sawa nusu. Apu inaruhusu jaribio bila mtandao kama mwandaaji amewasha kipengele cha `Allow quiz to be attempted offline using the mobile app`. Lakini akishaweka ukomo wa muda, haiwezekani tena, maana saa inahesabiwa kwenye seva, si kwenye simu yako. Hizo dakika 30 ndizo zilizoua kila kitu.

Ticha, maswali yote yalikuwa ukurasa mmoja? Na uliona maandishi yoyote ya Kiingereza yametokea juu?

Ticha_Kichuguu
Ukurasa mmoja. Ndiyo, kulikuwa na kitu kama `Autosave failed`. Nilidhani ni tangazo, nikaendelea.

Fundi_Seva
Basi ndiyo hivyo. Ukiwa hewani, majibu huhifadhiwa kwenye seva kila baada ya muda mfupi, kwa kawaida dakika moja. Mtandao wako ulikata labda ukiwa swali la 5 au la 6. Yaliyobaki uliyajibu kwenye kioo cha simu tu. Muda ulipoisha seva ikakusanya ilichonacho na kusahihisha. Una bahati: kuna mpangilio mwingine ambao usipowasilisha kabla ya muda, jaribio halihesabiwi kabisa. Waandikie wafungue kumbukumbu za jaribio lako, wataona saa ya jibu la mwisho kufika.

Kuhusu zipu, huo ni uvivu. Sauti ya mtu anayeongea dakika 10, ukiibana kwa kbps 32, ni MB 2.4 tu. Kila wiki iwe na kifurushi chake: PDF nyepesi na sauti, jumla chini ya MB 10. Kikikatika, umepoteza kidogo.

Bi_Mkubwa_Tanga
Na cheti kinatambulika kwenye kupanda daraja? Mimi changu cha mwaka jana hadi leo afisa elimu anakiangalia tu.

Mratibu_Mstaafu
Bi Mkubwa, hilo lifungulie uzi wake. Fundi, nami nimewahi kuandaa kozi. Ukiondoa muda, walimu wanakaa sita chini ya mwembe, mmoja anajibu, watano wananakili. Nimeyaona kwa macho yangu: majibu 6, kosa la tahajia lilelile.

Fundi_Seva
Ndiyo maana usiulize a, b, c, mzee. Mwambie amsikilize mtoto mmoja wa darasani kwake akisoma, aandike maneno aliyokosea na atakachofanya kesho yake. Apige picha ukurasa wa daftari, atume mtandao ukipatikana ndani ya siku 7. Watoto sita hawakosei sawa.

Mratibu_Mstaafu
Na nani atasahihisha daftari za walimu 900? Jaribio la kuchagua seva inasahihisha yenyewe.

Fundi_Seva
Hapo sina jibu la haraka.

Ticha_Kichuguu
Nimewaandikia kama ulivyosema, Fundi. Wamejibu leo, wanasikitika, wamenipa marudio. Jumamosi saa 2 usiku. Dakika 30 zilezile. Usiku, juu ya kichuguu, Liwale hii yenye tembo.