Namwombeaje aliyekula hela za kikoba? Neno "mbariki" linanikwama

mshona_mikeka: Wapendwa, shalom. Naomba msaada wa maneno tu. Mweka hazina wetu alitoweka na shilingi 1,850,000 za kikoba, hajaomba radhi, na shauri liko mahakama ya mwanzo. Mathayo 5:44 naijua. Lakini nikifika "Bwana, mbariki" naona kama namwombea azifaidi hela zetu. Niseme nini?

moto_wa_madhabahu: Soma Warumi 12:20. Ukimtendea wema unampalia makaa ya moto kichwani. Wewe mbariki tu, baraka zenyewe zitamchoma!

shemasi_mstaafu: Moto, mstari umeutaja sawa ila umeukata katikati. Mstari wa 14 unasema "barikini, wala msilaani", na wa 21 unamalizia kwa kuushinda ubaya kwa wema. Baraka inayotolewa ili imchome mtu ni laana iliyovaa kanzu.

Dada mshona_mikeka, fungua Matendo 3:26. Petro anawaambia watu aliotoka kuwashtaki kwamba walimkana Yesu: Mungu alimtuma Mwanawe "kuwabarikia kwa kumwepusha kila mmoja wenu na maovu yake". Hiyo ndiyo baraka ya kumwombea mtu ambaye bado anashikilia cha watu. Kwa hiyo usiishie kwenye "mbariki", endelea mpaka useme abarikiwe kwa kitu gani:

"Baba, fulani alichukua fedha tulizomkabidhi, na imeniuma. Mbariki kwa kumtoa katika jambo hili: mpe ujasiri wa kusema kweli na njia ya kurudisha. Watoto wake wasikose chakula kwa ajili ya kosa lake. Na mimi unizuie nisitamani aangamie. Kwa Yesu Kristo, amina."

Kosa limetajwa mara moja, tena bila kivumishi. Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Tunaanza na "Bwana, mfungue macho aone ubaya wake", tunaingia kwenye siku ilivyokuwa, nani alishuhudia, na kabla ya amina tumesoma hati ya mashtaka. Kipimo ni rahisi: hesabu sentensi. Zinazosema alichofanya zikizidi zinazomwombea kitu, umeshtaki, hujaomba.

binti_wa_pwani: Mimi kila usiku naota nafukuzwa, nadhani ni jirani. Niombe hivyohivyo?

shemasi_mstaafu: Hapana binti, hilo ni jingine. Hapa tunazungumzia mtu aliyekosea kwa ushahidi. Jirani wa kwenye ndoto usimtaje kwa jina kwenye maombi, utamzushia. Ombea usingizi wako.

katibu_jumuiya: Naongeza moja: jina lake libaki chumbani. Kwenye jumuiya tukisema "tumwombee fulani aliyeiba", dakika mbili baadaye ni umbea wenye amina. Semeni "waliotukosea", kama Sala ya Bwana inavyosema, inatosha.

mshona_mikeka: Asanteni. Lakini kesi je? Asubuhi namwombea, mchana namshtaki. Si unafiki?

shemasi_mstaafu: Mtazame Stefano, Matendo 7. Mstari wa 51 anawaambia wazee wa baraza usoni: "Enyi wenye shingo ngumu." Mstari wa 60, huku mawe yanampata, anamwambia Mungu: "Bwana, usiwahesabie dhambi hii." Lawama aliwapa wahusika, ombi akampa Mungu. Sisi tunapindua: kwa Mungu tunalalamika, kwa mhusika tunanyamaza. Paulo naye aliwaombea ndugu zake Wayahudi, na bado alikata rufani kwa Kaisari. Mahakamani dai 1,850,000 zenu kwa ukweli. Katika maombi usidai hukumu ya kumkomoa.

mwalimu_wa_zaburi: Hapo shemasi umerahisisha kidogo. Zaburi 109:8 inasema "Siku zake na ziwe chache", na imo kwenye Biblia hiyohiyo. Na Paulo, 2 Timotheo 4:14, anasema Bwana atamlipa Iskanda mfua shaba sawasawa na matendo yake. Mistari miwili mbele anawaombea waliomwacha wasihesabiwe hatia. Aliyeogopa kawekwa upande mmoja, aliyepinga kwa makusudi upande mwingine.

shemasi_mstaafu: Kweli, ingawa kwa Iskanda asemayo Paulo naona ni kumwachia Mungu malipo, siyo kuyaomba. Zaburi 109 ningeisoma kama kilio cha aliyeonewa. Kuliweka jina la mweka hazina ndani yake, nisingethubutu.

mwalimu_wa_zaburi: Mimi ningemruhusu aliyeumizwa aisome yote kwa sauti mbele za Mungu, na jina alitaje. Hasira iliyosemwa huko haitasemwa sokoni. Hapo hatujakubaliana.

moto_wa_madhabahu: Sawa, makaa nimeyaweka chini. Ila mtu akisema ombi la shemasi na moyo hauko hapo kabisa?

shemasi_mstaafu: Aondoe sentensi asizoziweza. Abakize ile ya watoto na chakula. Wengi huanzia hapo.

mshona_mikeka: Ya watoto naiweza. Ya kurudisha pia, hiyo naitaka sana kweli 😅. Ile ya "nisitamani aangamie" bado.