Cheki ya simiti imepotea Likoni, saplaya ataka nyingine. Nisimamishe kwanza au nimwandikie tu?

Mwenye Duka Mtongwe ameandika:

Assalam aleikum ndugu zangu. Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Mtongwe. Alhamisi nilimwandikia saplaya wangu wa simiti cheki ya 186,000, jina la kampuni yake, nikaichora mistari miwili. Ijumaa asubuhi kijana wa dukani akaibeba kwenye bahasha kuvuka nayo feri. Alipofika upande wa pili bahasha haikuwepo. Tumerudi kuuliza kwa walinzi wa kivuko, hakuna aliyeiona.

Sasa leo Jumamosi saplaya amenipigia, ataka nimwandikie nyingine Jumatatu asubuhi la sivyo lori haliji. Mume wangu aniambia nisisumbuke kulipa benki pesa za kusimamisha, kwa kuwa cheki yenyewe imechorwa na aliyeiokota hawezi kuila. Salio langu ni kama 240,000. Kwenye karatasi ya bei za benki yangu wameandika 1,000 kwa kila cheki inayosimamishwa. Niambieni, je, nilipe hiyo 1,000 au ni hela za bure? Na nikishasimamisha, nina hakika gani?

---

Kibokoni Mjini:

Dada, tahadhari. Kusimamisha cheki uliyokwisha kumpa mtu ni kosa la jinai Kenya. Kuna mtu wa hapa mtaani alipelekwa kortini kwa jambo hilo hilo. Kifungu kipo kwenye Kanuni ya Adhabu. Bora umwache saplaya aende polisi mwenyewe aripoti, wewe usiguse kitu.

---

Babu wa Kaunta:

Binti yangu, wa alaykum salam. Nilikaa kaunta za benki pale Nkrumah Road mpaka nikastaafu, na mambo haya nimeyashika kwa mikono.

Kwanza nianze na ndugu wa Kibokoni kwa sababu kasema nusu ya kweli. Kifungu chenyewe ni 316A. Kinamshika mtu anayetoa cheki akijua akaunti haina pesa, au akaunti imefungwa, au yeye mwenyewe alikwisha kuiambia benki isilipe kabla ya kuitoa. Angalia mpangilio wa mambo: aliiambia benki kwanza, ndipo akampa mtu cheki. Huo ni ulaghai, na adhabu yake hufika faini ya elfu 50 au kifungo cha mwaka 1, au vyote viwili. Wewe ulitoa cheki Alhamisi pesa zikiwepo, ikapotea Ijumaa. Hapo huna kesi. Kinachoweza kukuingiza matatani ni mtu kusimamisha cheki ili kuficha kwamba akaunti ilikuwa tupu siku aliyoiandika.

Sasa swali lako. Mume wako yuko sawa kwamba mistari miwili inazuia mwokotaji kuitoa taslimu kaunta, na kwa kuwa ni jina la kampuni, haitaingia kirahisi kwenye akaunti ya mtu mwingine. Lakini hofu yangu kwako si ya mwizi, ni ya saplaya. Ile bahasha ikiokotwa na mtu mwema, atasoma jina la kampuni na kuipeleka kwao. Karani wa hesabu pale, asiyejua kwamba ulishaandika nyingine, ataiweka benki pamoja na ile mpya. Una 240,000. Ya kwanza ikilipwa unabaki na 54,000, ya pili inarudi kwa kukosa pesa. Utalipishwa faini ya cheki kurudi, nayo ni kubwa kuliko hiyo 1,000, na jina lako kwa saplaya limechafuka. Au mbaya zaidi una pesa za kutosha, zote mbili zinalipwa, halafu uanze kudai 186,000 zirudi.

Kwa hiyo simamisha, na usimamishe kabla kalamu haijagusa cheki mpya.

---

Mwenye Duka Mtongwe:

Babu, Allah akuzidishie. Basi naandikaje hiyo barua? Na Jumapili benki imefungwa.

---

Babu wa Kaunta:

Kama benki yako ina app, fungua leo hii hii utafute palipoandikwa `Stop Cheque`. Nyingi zinayo siku hizi na inafanya kazi hata Jumapili. Kama haipo, Jumatatu uwe mlangoni wanapofungua.

Kitu kimoja ndicho kinachobeba shughuli nzima: namba ya cheki. Ni tarakimu sita, na imechapishwa pia ule mstari wa chini wenye maandishi ya ajabu ajabu, upande wa kushoto. Mashine ya benki haitafuti jina la saplaya wala kiasi, inatafuta namba hiyo. Chukua kishina cha kitabu, angalia namba ya cheki iliyotangulia na iliyofuata, uhakikishe iliyo katikati ndiyo ile. Nimeona mteja ameandika tarakimu moja kimakosa. Benki ikasimamisha karatasi ambayo bado imo kitabuni, ile iliyopotea ikapita salama salimini. Benki haikulipa kitu, kwa sababu ilifanya kama ilivyoagizwa.

Barua yenyewe haina mambo mengi: namba ya akaunti, namba ya cheki, tarehe yake, kiasi, jina la anayelipwa, sababu kwamba imepotea, na saini yako kama ilivyo kwenye kadi ya benki. Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, moja wakupigie muhuri na karani aandike saa. Usiondoke bila saa. Siku pakitokea ubishi, swali litakuwa moja tu: agizo lilifika kabla au baada ya kulipwa.

Na hakika yake iko hapo. Cheki ikishalipwa haisimamishwi tena. Cheki ikiwekwa benki nyingine, picha yake hufika benki yako kupitia kliaringi, ule mfumo wa benki kubadilishana cheki, si papo hapo, kwa hiyo unaweza kuiwahi. Ikiwekwa kwenye benki ile ile yako, hata tawi la Nyali au Changamwe, inaweza kulipwa dakika hiyo hiyo. Saplaya wako yuko benki gani?

---

Mwenye Duka Mtongwe:

Benki tofauti na yangu, alhamdulillah.

---

Mpwani wa Shule:

Poleni jamani. Mimi wa karo. Mwaka jana nilinunua cheki ya benki yenyewe, zile za bankazi, kupelekea shule ya bweni. Ikapotea. Nikaenda benki nikawaambia waisimamishe kama huyu dada, wakanikatalia. Wakataka abstrakti ya polisi, fomu ya dhamana niisaini mbele ya wakili, na bado nikangojeshwa. Kwa nini huyu aambiwe barua moja tu yatosha? Au mimi nilionewa?

---

Babu wa Kaunta:

Hukuonewa, mama. Yako ilikuwa ahadi ya benki. Pesa zilikwisha kutoka kwako siku uliyoinunua, na benki ndiyo iliyosaini. Ikisimamisha na yule mwenye cheki akajitokeza, inayodaiwa ni benki, ndiyo maana inataka uweke dhamana kwamba utaifidia. Cheki ya dada huyu ni agizo lake mwenyewe kwa benki yake, na mwenye kuagiza ana haki ya kutangua. Iko wazi kwenye sheria ya hundi, Sura ya 27.

---

Fundi Jumla Kongowea:

Mimi naongeza la bei maana nimechomeka hapo. Hiyo 1,000 si 1,000. Juu yake kuna ushuru wa serikali kwenye ada za benki. Kwa hiyo utakatwa zaidi ya 1,000. Na soma vizuri karatasi ya bei, benki kadhaa zina bei mbili: moja ya kusimamisha ukiwa na pesa kwenye akaunti, nyingine ya juu zaidi ukisimamisha wakati akaunti haitoshi. Wewe salio lako latosha, usikubali kukatwa ile ya juu.

Ila nina swali kwa Babu. Juzi nimeandika 68,000 badala ya 86,000, mteja wangu bado anayo mkononi. Nami nisimamishe?

---

Babu wa Kaunta:

Usilipe hata senti, mwanangu. Mwombe akurudishie ile karatasi, ichore msalaba mkubwa, andika imefutwa, uigundishe kwenye kishina chake, mwandikie nyingine. Kusimamisha kunalipiwa pale ambapo karatasi huwezi kuishika tena. Akikataa kurudisha, hapo ndipo uende benki.

---

Kibokoni Mjini:

Babu nimekuelewa kwenye kifungu, nashukuru kunisahihisha. Ila bado nasema, akishasimamisha je saplaya hawezi kumshtaki?

---

Babu wa Kaunta:

Kumdai anaweza, na ana haki. Kusimamisha cheki hakufuti deni la simiti. Ndiyo sababu asimwache saplaya hewani. Dada, ukishapata muhuri, ipige picha ile barua umtumie, umwambie cheki namba fulani imesimamishwa na ikionekana airudishe. Mwombe akujibu kwa maandishi kwamba hajaiweka benki. Na kwa 186,000 mimi nisingeandika cheki ya pili kabisa, ningemtumia kwa Pesalink, maana kiasi hicho hakizidi kikomo chake na fedha zinafika siku hiyo hiyo.

---

Mwenye Duka Mtongwe:

Nimerudi na habari. App yangu ilikuwa nayo, nikaingiza namba baada ya kuisoma kishinani pamoja na mume wangu, ujumbe ukaja wenye namba ya cheki. Jumatatu nikaenda tawini hata hivyo, nikapigiwa muhuri na karani akaandika saa 3:10 asubuhi. Kwenye taarifa ya akaunti wamekata 1,000 na ushuru wake mbali mbali. Cheki haikuwa imelipwa. Saplaya amejibu kwa maandishi, nimemtumia Pesalink na lori limekuja mchana.

Swali la mwisho. Agizo hili lakaa muda gani? Yule kijana asema huenda bahasha iko kwenye gari la abiria, itaibuka siku yoyote.

---

Babu wa Kaunta:

Cheki yenyewe inachacha baada ya miezi 6 tangu tarehe yake, benki kwa kawaida hazitaipokea tena. Uliza tawini kama agizo lako linaisha lenyewe au linakaa mpaka uliondoe, kwa sababu hapo kila benki na utaratibu wake. Wakikuambia linaisha kabla ya miezi 6, andika tarehe kwenye kalenda ya dukani ulihuishe, na uulize kama watakata ada tena.

---

Fundi Jumla Kongowea:

Nami niulize: akaunti yetu ya kikundi ina saini za watu wawili. Mmoja anaweza kusimamisha peke yake?

---

Babu wa Kaunta:

Angalia fomu mliyojaza siku ya kufungua akaunti. Benki niliyofanyia kazi ilikubali mmoja asimamishe kwa dharura, lakini kuiachilia ilipwe ilihitaji wote wawili. Yenu sijaiona.