Eti "haijafa, inasubiri"! Huyu jamaa atanitoa roho

Mkesha wa Seva (mleta uzi)
Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Kila ofisi ina wa kwake, ila huyu wetu ni wa kimataifa.

Kazi ya saa nane usiku, ya kuvuta miamala ya jana kutoka seva ya washirika, kwa kawaida inamaliza kwa dakika sita. Leo saa nne asubuhi iko palepale, wahasibu wamejaa mlangoni. Namuuliza mbele ya bosi, anakunja nne, anasema: "Haijafa, inasubiri."

INASUBIRI! Inasubiri nini, parapanda?

Nafungua skripti yake nakuta hivi:

```python
r = requests.get(url)
```

Basi. Hiyo `requests` usipoipa kikomo cha muda haina cha kwake, itakaa hapo mpaka wajukuu wastaafu. Nikapiga `strace -p`, mstari mmoja tu umeganda kwenye `recvfrom(5,`. Ukiangalia `ss -tnp` inakwambia ESTAB, kila kitu safi! Kumbe mashine ya washirika ilizimika ghafla usiku, haikuaga. Sisi huku tumeshika simu iliyokatwa, tunasema "haloo" masaa manane. Kosa hakuna, barua pepe ya tahadhari hakuna, maana kitu hakijafeli. KINASUBIRI.

Bwana Kisu
Pole mkuu, ila skripti imekaa hapo muda wote na wewe hukuwahi kuifungua? Nauliza tu 😂

Dogo wa Kodi
Weka `timeout=30` uzi ufungwe. Sekunde 30 zikiisha inakata yenyewe.

Mama Rutini
Dogo, nusu yake ni kweli. Hiyo 30 si ya ombi zima. Inahesabu kuunganisha, halafu inahesabu ukimya kati ya data na data. Seva ikikudondoshea baiti moja kila sekunde 20, saa inaanza upya kila mara na hukatwi milele. Kwa kisa cha mleta uzi ingetosha, maana huko kulikuwa kimya kabisa. Mimi huandika `timeout=(5, 30)`, halafu naweka mlinzi nje ambaye hajali ndani kuna nini:

```
0 2 * * * timeout -k 30s 20m /opt/kazi/vuta.sh || /opt/kazi/kelele.sh
```

Dakika 20 zikipita inaambiwa itoke kwa amani. Ikikaidi sekunde 30, inauawa. Ukiona imetoka na 124 ujue ni mlinzi, si skripti. Msiweke dakika saba kwa sababu kawaida ni sita, mwisho wa mwezi miamala ikijaa mtaiua ikiwa njiani.

Pwani Raha
Mkuu jaribu kubadilisha bando. Hata mimi usiku mtandao unagoma.

Bwana Kisu
Bando!! 😭

Fundi Kimya
Mimi natumia systemd, ina kikomo chake cha sekunde 90. Sina presha.

Mama Rutini
Kazi yako ni `Type=oneshot`? Kama ndiyo, hicho kikomo kimezimwa. Andika mwenyewe `TimeoutStartSec=20min`. Na usihangaike na `RuntimeMaxSec`, kwa oneshot haifanyi kitu.

Fundi Kimya
...narudi.

Mkesha wa Seva
Asanteni, lakini naona hamjanielewa. Alikunja NNE. Mbele ya bosi. Na bosi akaitikia kwa kichwa, eti "kumbe inasubiri".

Jirani wa Mtambo
Afadhali yako. Kwetu kazi inaanza kila dakika 10, imefungwa na `flock -n` zisigongane. Moja ikakwama Ijumaa jioni. Zilizofuata zote zikakuta mlango umefungwa, zikaondoka kimya. Tumejua Jumatatu, tena kwa kupigiwa simu na mteja. Sasa hivi kazi ikimaliza inagusa faili, na mashine nyingine inapiga kelele faili likizidi nusu saa bila kuguswa.

Dogo wa Kodi
Na kama kazi inalipa pesa? Nimetuma, kikomo kimeisha kabla ya jibu. Imelipwa au haijalipwa?

Mama Rutini
Hapo hujui, na mlinzi hakusaidii. Kuvuta miamala rudia utakavyo. Malipo yarudie tu kwa kumbukumbu namba ileile, kama upande wa pili wanaikagua.

Jirani wa Mtambo
Wengi hawaikagui.

Bwana Kisu
Ndiyo maana kuna ofisi mishahara iliingia mara mbili.

Pwani Raha
Ofisi gani hiyo? Njoo inboksi mkuu.

Fundi Kimya
Mara mbili! Wetu wa fedha ana faili moja la Excel, akilifungua yeye hakuna mwingine wa kulihariri. Amekwenda likizo Moshi na laptopu, hajalifunga.

Jirani wa Mtambo
Huyo namjua! Si ndiye mwenye ufunguo wa stoo?