Kuondoa mshipi ulioshikilia mkoba katika picha ya katalogi: brashi au picha tupu?

Mkoba_Studio: Ndugu wanajukwaa, nimepiga picha ya mkoba wa ngozi ukining'inia kwa mishipi miwili ya nailoni mbele ya karatasi ya kijivu inayopauka taratibu kuelekea chini. Nilitumia Spot Healing Brush ya Photoshop, lakini mshipi ulipopita pamebaki mstari hafifu, na pale ulipozunguka mpini rangi ya ngozi imevuja kwenye kijivu. Je, niendelee na brashi, au nipige upya pamoja na picha ya karatasi tupu?

Ukungu: Picha ya pili ni kazi bure. Chagua karatasi yote, uitie Gaussian Blur, na mstari utapotea.

Mrekebishaji: Mstari utapotea kweli, ila chembechembe za picha zitapotea nazo, na katika faili ya biti 8 mpauko huo laini huweza kukatika ngazi ngazi. Ukichagua njia hiyo, fanya kazi katika biti 16 na urudishe chembe kidogo kwa Add Noise.

Ndugu Mkoba_Studio, kwenye karatasi ningechagua picha tupu, mradi kamera haikusogezwa na fokasi na mwanga havikubadilishwa. Iweke chini ya leya ya mkoba, kisha kwa maski ufiche ukanda mwembamba wa mshipi peke yake, kwa sababu mkoba huzuia mwanga na kuurudisha, na karatasi isiyo na mkoba haitakuwa na mwangaza uleule.

Kwenye mpini picha tupu haina msaada, kwani nyuma ya mshipi kuna ngozi. Brashi ya kuponya huchanganya rangi za pande zote mbili za ukingo. Ndiko ulikotoka huo uvujaji. Fuata ukingo wa mpini kwa Pen Tool, ugeuze mchoro kuwa uteuzi, kisha kwenye leya mpya utumie Clone Stamp, Sample ikiwa Current & Below. Maliza ngozi kwanza, ugeuze uteuzi kwa Inverse, ndipo uguse karatasi.

Chupa_Kioo: Mimi nilining'iniza chupa ya manukato, na uzi ulionekana umepinda ndani ya kioo. Picha tupu haikunifaa hata kidogo. Nilipiga nyingine chupa ikiwa imeshikwa kwa fimbo kutoka nyuma, lakini miale ya kioo haikulingana.

Mrekebishaji: Kwa kioo sina njia ninayoiamini kikamilifu.

Mkoba_Studio: Nimepiga upya nikafuata maelekezo. Nimeweka leya ya Curves yenye mwinuko mkali juu ya zote ili kukagua: mstari wa brashi ulijitokeza waziwazi, wa picha tupu haukuonekana. Ukingo wa mpini sasa ni safi, isipokuwa mishipi iliuvuta ukachongoka sehemu mbili. Je, ninyooshe kwa Liquify, au nifunge waya ndani ya mpini na kupiga tena?

Mrekebishaji: Waya. Liquify itavuta na mishono ya ngozi.

Ukungu: Kama mishono haifiki pale palipochongoka, Liquify inatosha.