Madeni manne mshahara mmoja, ulianza kumlipa nani? Tupeane uzoefu

mama_tausi: Habari zenu wapendwa. Naanza na yangu. Mwezi wa tatu nilibaki na 250,000 baada ya chakula na nauli, na wanaonidai walikuwa wanataka 340,000. Kodi ya chumba 80,000, kausha damu 120,000, kikoba 90,000, Mangi wa dukani 50,000. Nilikuwa nalipa anayepiga simu sana, yaani anayenitukana ndo anapata hela. Kumbe mwenye nyumba mpole ndo alikuwa anaandika notisi.

sele_boda: Anza na deni dogo limalize, roho inatulia. Mi nilifanya hivyo.

afisa_mstaafu: Sele inasaidia kichwa, lakini Mangi hana riba, ukimmaliza yeye kausha damu anazidi kupanda. Nimekusanya marejesho miaka tisa, nawaambia jiulize nisipolipa huyu mwezi huu napoteza nini? Chumba, friji uliloandikisha dhamana, au uso tu. Halafu mfuate mtu kabla ya tarehe, maana ikishapita afisa anakuwa na presha ya bosi wake hata kama anakuonea huruma hana la kufanya.

mama_tausi: Ndo nilivyofanya mwisho. Kodi na kausha damu nikalipa zote maana TV na friji viko kwenye fomu yao, ikabaki 50,000. Kikoba nilimfuata mwenyekiti nyumbani Alhamisi, kikao Jumamosi, nikamwambia "dada nina 35,000, iliyobaki 55,000 naigawa miezi miwili, naomba isomwe kwenye daftari." Mangi nikampa 15,000 na nikaacha kukopa kwake kabisa, nanunua kwa keshi hata kiberiti, hicho ndo kilichomfanya aniamini.

binti_mbeya: Mi kausha damu wameshika kadi yangu ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia wanatoa wao kwanza. Hapo napanga nini sasa?

afisa_mstaafu: Hapo huna cha kupanga mpaka kadi irudi. Nenda benki wafungie hiyo kadi upewe nyingine, ila siku hiyohiyo mpelekee mkopeshaji rejesho mkononi na udai risiti, asije akasema umekimbia. Muulize na leseni ya BOT. Wenye leseni riba yao mwisho 3.5% kwa mwezi, kama anakutoza 20 una la kuongea naye.

binti_mbeya: Naogopa, wanajua kwa mama.

sele_boda: Jamani nani anajua wanaokopesha bila dhamana nilipe mkataba wa pikipiki?

mama_tausi: Sele hapana baba, nenda kwa tajiri wako muombe hesabu ya wiki ishuke.

mdhamini_wa_kikoba: Mama Tausi, hiyo 55,000 wadhamini wako waliambiwa? Mi nilikatwa hisa zangu kwa ajili ya mtu aliyeongea na mwenyekiti peke yake.

mama_tausi: Mmoja nilimwambia. Wa pili bado, na hatusalimiani tangu hapo.